Kugawanya Sekunde Kuwa Saa na Dakika

Lugha ya Python ina alama tatu za kugawanya, na kila moja hujibu swali lake. Alama ya `/` hutoa jibu lote pamoja na desimali zake. Alama ya `//` hutoa namba nzima tu. Alama ya `%` hutoa baki, yaani kiasi kilichobaki baada ya mgao huo wa namba nzima; hapa haihusiani kabisa na asilimia.

Eliud Kipchoge alishinda Marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa muda wa sekunde 7,269. Kwa kuwa saa moja ina sekunde 3,600, `7269 / 3600` huleta 2.019 na desimali nyingine zinazofuata. Kihesabu ni sawa, lakini anayesoma saa 2 na dakika 19 amepotea mbali. Hiyo 0.019 ni sehemu ya saa, si dakika. Jibu la namna hii linafaa kutafuta kasi ya mkimbiaji. Kwa kuandika muda wake, zinahitajika zile alama nyingine mbili:

```python
jumla = 7269
saa = jumla // 3600
salio = jumla % 3600
dakika = salio // 60
sekunde = salio % 60
```

Mstari wa pili hutoa saa 2, ambazo ni sekunde 7,200. Mstari wa tatu hutunza sekunde 69 zilizobaki. Katika hizo 69, sitini inaingia mara moja: dakika 1, na baki ni sekunde 9. Muda wake ni 2:01:09.

Kosa linalojirudia zaidi ni kutafuta dakika kwa `jumla // 60`. Jibu lake ni 121, yaani dakika za mbio nzima, zikiwemo zile ambazo tayari zimehesabiwa ndani ya saa 2. Dakika zikifika 60 au kuzidi, ni dalili kwamba hatua ya salio imerukwa. Njia ya uhakika ya kukagua ni kurudi nyuma: saa mara 3,600, jumlisha dakika mara 60, jumlisha sekunde. Lazima ipatikane ileile 7,269.

Namba hasi zinataka uangalifu zaidi. Mwaka 2023, huko Chicago, Kelvin Kiptum alikimbia kwa sekunde 7,235. Ukitoa muda wa Kipchoge, tofauti ni -34. Wengi wangetarajia `-34 // 60` ilete 0, lakini Python huleta -1, na `-34 % 60` huleta 26. Sababu ni kwamba `//` daima hushuka kwenye namba nzima iliyo chini, na chini ya sifuri ni -1. Hesabu haijaharibika, kwani -60 na 26 hufanya -34. Ila "dakika -1 na sekunde 26" haisomeki. Kwa hiyo tofauti ya muda hugawanywa kwanza bila alama ya kutoa, kwa `abs(-34)`, kisha alama hiyo hurudishwa mbele wakati wa kuandika jibu: -0:34.