Mstari Usioshuka Usiku

Programu ya seva ikigoma kila baada ya siku kadhaa, kisha ikapona ikiwashwa upya, shuku uvujaji. Linux huipa namba kila faili au muunganisho wa mtandao uliofunguliwa. Programu isipoufunga, namba hiyo hairudi. Kikomo cha kawaida mara nyingi ni namba 1024 kwa programu moja.

Hesabu zilizo wazi kila baada ya dakika 5, ukiweka namba ya programu mahali pa `PID`:

```
ls /proc/PID/fd | wc -l
```

Chora grafu ya siku kadhaa. Ya saa moja hudanganya, maana mchana wateja huongezeka na mstari hupanda kihalali. Tazama saa tisa usiku: tuseme usiku wa kwanza ni 80, wa pili 210, wa tatu 340. Kiwango cha chini chenyewe kinapanda 130 kwa siku, hivyo kabla ya usiku wa tisa utasoma `Too many open files`.

Kumbukumbu inataka subira zaidi, kwani programu nyingi hupanda mwanzoni zikijaza akiba, kisha hutulia. Isiyotulia ndiyo ya kushuku.

Sasa endesha `lsof -p PID`. Ukikuta `CLOSE_WAIT` nyingi, upande wa pili umeshakata muunganisho. Programu yako ndiyo haijaufunga. Mpelekee mtengenezaji wake orodha hiyo pamoja na grafu.