Kauli Ikipinduliwa

Ikiwa namba inagawanyika kwa 4, basi ni shufwa. Sehemu ya kwanza tuiite P, ya pili Q. Kila moja huwa kweli (K) au uongo (U), kwa hiyo jedwali lina mistari minne: KK, KU, UK, UU. Kauli yetu huwa uongo mstari wa pili tu, P ikitimia na Q ikakosa. Safu yake: K, U, K, K.

Kanusha zote mbili, kisha uzipindue: ikiwa si shufwa, haigawanyiki kwa 4. Hii nayo huvunjika Q ikiwa uongo na P kweli, mstari uleule. Safu haibadiliki.

Ukipindua bila kukanusha, uongo unahamia mstari wa tatu: K, K, U, K. Ndipo ilipo 6, shufwa isiyogawanyika kwa 4.