Macho ya Mhusika Aliyesimama Tuli

Mwenye duka ndani ya gemu huweza kutazamwa usoni dakika nzima, mteja akiwa bado anachagua upanga. Hakuna mchoraji atakayeichora dakika hiyo yote kwa mkono, na kipande kifupi kinachorudiwarudiwa hugundulika upesi. Ndiyo maana watengenezaji huyapa macho kanuni, kompyuta ikayaendesha papo hapo.

Kupepesa ndiko rahisi. Mtu aliyetulia hupepesa kama mara 15 hadi 20 kwa dakika, lakini ukimpepesesha kila baada ya sekunde 4 kamili, atawakawaka kama indiketa ya gari. Afadhali programu ibahatishe muda mpya wa kungoja kila kope zinapofunguka. Tena kope hushuka haraka kuliko zinavyopanda: milisekunde 80 kufunga na 160 kufungua hutosha. Nyakati hizo zikilingana, mhusika huonekana ana usingizi.

Kazi iko kwenye mboni. Jicho linalochunguza kitu kilichotulia halitelezi. Huruka, hutua, likakaa kidogo, kisha huruka tena. Mwaka 2002 Sooha Park Lee, Jeremy Badler na Norman Badler walichapisha kanuni za miruko hiyo, zilizotokana na vipimo vya macho ya watu. Kwa makadirio yao, mruko huchukua takriban milisekunde 25, ukiongeza 2.4 kwa kila nyuzi moja. Mruko wa nyuzi 10 basi ni milisekunde 49, yaani fremu 3 tu kwenye gemu ya fremu 60 kwa sekunde. Mtayarishaji aliyezoea kulainisha kila mwendo huunyoosha mruko huo hadi nusu sekunde, na mwenye duka akaonekana amelewa.

Watafiti hao walilinganisha pia sura zenye macho yaliyoganda, yanayorukaruka ovyo, na yanayofuata kanuni zao. Ya kwanza ilionekana haina uhai, ya pili haijatulia, ya tatu ya kawaida zaidi. Kubahatisha peke yake, basi, hakutoshi: miruko mingi iwe midogo, mikubwa iwe ya nadra, na anayesikiliza asiwe na macho ya anayezungumza.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuziacha kope nje ya hesabu. Mhusika akitazama chini, kope ya juu lazima ishuke pamoja na mboni. Msimamishe akitazama kaunta: weupe ukijitokeza juu ya mboni, kope haijaunganishwa, naye ataonekana ameshtuka. Mtazamo ukihama mbali, macho hutangulia, kichwa hufuata, na kichwa kikiendelea kugeuka macho hurudi nyuma kwa kiasi hichohicho ili yabaki kwenye shabaha. Hapo ndipo pa kupachika pepeso moja, kwa kuwa nasi hupepesa tunapogeuka sana.

Ila kanuni hizi hazijui kilichowekwa mezani. Mteja akitoa mkufu wa wizi, macho ya mwenye duka yataendelea kuzurura vilevile, mpaka mtu aiandikie programu kwamba mkufu ni wa kutazamwa kwanza.