Kopo Linalorudi Kuwa Sufuria

Mji wa Kindu umeketi ukingoni mwa mto Lualaba, mahali ambapo reli itokayo kusini inakoma na mashua ziendazo Ubundu zinaanza safari. Na huko Ubundu nako mto haupitiki kwa sababu ya maporomoko ya Boyoma, hata shehena haina budi kushushwa na kupakiwa katika reli nyingine, ya kilomita 125, mpaka Kisangani. Nimezitaja njia hizi kwa makusudi, kwani katika biashara ya taka nauli ndiyo hakimu: kitu chenye thamani kubwa na uzito mdogo hustahimili safari, na kisicho hivyo hubaki pale kilipotupwa, ijapokuwa viwanda vya mbali vingekipokea kwa furaha.

Itazame chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Ikiwa tupu uzito wake ni takriban gramu 30, basi humlazimu mwokotaji kuinama zaidi ya mara 30 ili apate kilo moja, na gunia lake likijaa, aghalabu limejaa hewa. Kwa hiyo chupa ile katika mji kama huu haithaminiwi kwa plastiki yake, bali kwa kuwa ni chombo: iliyo nzima, yenye kifuniko chake, huoshwa ikatiwa mawese au mafuta ya taa na kurudi sokoni, na iliyotobolewa haina mshitiri. Zile zisizookotwa hufuata mvua. Watu wa Bukavu wanayajua matokeo yake, maana taka zinazoporomoka kutoka vilimani mwao mpaka ziwa Kivu hukusanyika penye bwawa la Ruzizi na kuitatiza mitambo ya umeme.

Aluminiamu ina habari nyingine kabisa. Madini haya huyeyuka kwenye joto la digrii 660, ambalo moto wa makaa hulifikia ukipulizwa kwa mivukuto, na kwa sababu hiyo hayahitaji kiwanda wala meli. Fundi mmoja na uwanja wa nyuma ya nyumba vyatosha. Huichukua sufuria nzima kuwa mfano, akaizungushia mchanga laini wenye unyevu na udongo kidogo ndani ya fremu ya mbao, akaushindilia, kisha akaitoa kwa hadhari ili nafasi yake ibaki tupu. Ndipo humimina madini yaliyoyeyuka, akangoja yapoe, akazikwangua kingo kwa tupa. Fundi hupenda vipande vinene kuliko makopo ya soda, kwa kuwa ukuta mwembamba wa kopo huungua na hewa kabla haujayeyuka, na sehemu yake huishia kuwa taka inayoelea juu ya chungu cha kuyeyushia. Makopo yaliyogandamizwa pamoja yakawa donge hayapotezi sana kama yaliyotawanyika.

Lakini kazi hii ina dosari ambayo jicho haliioni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, juu ya sufuria za namna hii zilizotengenezwa Kameruni, ulikuta kwamba zinatoa risasi ndani ya chakula, hasa kilicho kichachu. Na risasi huathiri akili za watoto hata ikiwa kidogo mno. Huingia pamoja na vipuri vya injini na vyombo vya umeme vilivyochanganywa katika chakavu, na ikishaingia fundi hana namna ya kuitoa.

Hapo ndipo nyumba inapokuwa na neno. Kwanza tenga kilicho majimaji na kilicho kikavu, naamini kwamba hilo peke yake ni nusu ya kazi, kwa kuwa katika miji yetu maganda ya muhogo na ndizi, mabua ya sombe na mabaki ya chakula ndiyo mengi kupita taka nyingine zote, na yakiloweka karatasi au kuchafua chupa hakuna atakayezigusa. Ya majimaji yachimbiwe shimo kivulini, yachanganywe na majani makavu, yafunikwe mvua inaponyesha na kugeuzwa kila juma. Ukitia mkono katikati ukakuta joto, kazi inaendelea. Ukisikia harufu ya mayai viza, hewa haipiti na maji yamezidi, basi ongeza majani makavu na ugeuze tena. Katika vikavu, funga vifuniko vya chupa, na weka aluminiamu peke yake, mbali na chuma.

Tena, ndugu msomaji, betri ya gari au ya umeme wa jua iliyokufa usiivunje wala usimwage maji yake, maana ndani yake mna asidi na kilo kadhaa za risasi. Mkabidhi mnunuzi ikiwa nzima, na usiitie kamwe katika gunia moja na makopo ya sufuria.