Kalikiti Kwanza, Rangi Baadaye

Harusi inapokaribia, wateja wengi wa saluni hutaka mambo mawili kwa mkupuo mmoja: nywele ziwekwe kalikiti, kisha zitiwe rangi siku hiyo hiyo. Msusi anayejali nywele za mteja wake hukataa.

Unywele hupata uimara wake kutokana na viungo vya salfa vinavyoshikanisha protini kwa ndani. Dawa ya kalikiti huvifungua, unywele ukalegea na kufuata umbo la rola. Nyutralaiza, ambayo mara nyingi huwa na peroksaidi, huvifunga upya katika umbo hilo la mawimbi. Ila si vyote hurudi, na magamba ya nje ya unywele hubaki yamefunuka kwa muda.

Rangi ya kudumu nayo hufunua magamba na kutumia peroksaidi. Ukiipaka juu ya nywele ambazo hazijatulia, nchani hunywa rangi kupita kiasi: kahawia uliyoichagua hutoka karibu na nyeusi, kisha huchuja haraka. Mawimbi hulegea, na nywele huanza kukatika. Kugeuza mpangilio hakusaidii, kwa sababu dawa ya kalikiti huichubua rangi iliyotangulia na kuacha mabaka.

Tuseme harusi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Weka kalikiti wiki tatu kabla. Siku mbili za mwanzo usioshe nywele, kisha zioshe na kuzifanyia stimingi kila wiki. Rangi ipakwe baada ya wiki mbili kamili, ili ibaki wiki moja ya kurekebisha kasoro.

Saa 48 kabla ya kupaka rangi, jaribu tone lake nyuma ya sikio. Ukiwashwa au kuvimba, iache kabisa. Kisha chukua unywele mmoja uliolowa, uvute taratibu. Ukinyooka kidogo na kurudi, uko salama. Ukivutika kama bablishi bila kurudi, au ukikatika papo hapo, ahirisha.

Nywele zikifaulu, chagua rangi inayokaribia ya asili, yenye peroksaidi isiyozidi asilimia 6. Anzia kwenye shina, nchani pawe mwisho, kwa kuwa ndipo panaposhika upesi. Kila baada ya dakika tano futa nywele chache uone zilipofikia, wala usipitishe muda ulioandikwa kwenye paketi.

Blichi haimo katika ratiba hii, hata wiki mbili zikipita, maana huzidisha madhara kuliko rangi ya kawaida. Asiyeweza kungoja atumie rangi ya muda isiyo na amonia wala peroksaidi, akijua kwamba huenda ikatoka nzito kuliko ilivyo kwenye picha ya paketi.

Unywele ukishindwa jaribio la kuvuta, nenda harusini na rangi yako ya asili. Nywele zilizokatika hazina dawa ya kuziunga.