Je, Wajua? Simu huweza kukataa chaji kwa sababu ya joto

Gari likiegeshwa juani Pweto, kando ya Ziwa Mweru, na hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, baada ya saa moja joto ndani yake laweza kupita nyuzi 50. Simu inayochajiwa humo huongeza joto lake yenyewe. Betri ya lithiamu ikichajiwa ikiwa na zaidi ya nyuzi 45 hivi huchakaa upesi, na uwezo uliopotea haurudi. Ndiyo maana kihisi cha joto ndani ya simu hupunguza umeme unaoingia; joto likizidi, chaji husimama kabisa. Usilaumu chaja. Chomoa waya, vua kava, weka simu kivulini ipoe, kisha chaji tena. Usiitie kwenye friji: unyevu waweza kuiharibu.