Faharasa katika hifadhidata: huharakisha usomaji, huchelewesha uandishi

Mteja aliyesimama kwa wakala mjini Namanga, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, huuliza kama fedha alizotuma kwa simu zimemfikia ndugu yake. Jibu hutarajiwa papo hapo, ingawa rekodi inayotafutwa imo miongoni mwa mamilioni. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, utumaji wa fedha kwa simu umeenea pia katika nchi jirani, na kila muamala huacha rekodi kwenye hifadhidata. Kinachoiwezesha kompyuta kuifikia rekodi moja upesi ni faharasa.

Chukulia jedwali lenye miamala milioni 10, kila rekodi ikiwa na baiti 200. Programu ya PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata zinazotumika sana, huhifadhi rekodi katika kurasa za kilobaiti 8. Ukurasa mmoja huchukua takriban rekodi 40, hivyo jedwali zima huwa na kurasa zipatazo 250,000. Pasipo faharasa, kutafuta malipo ya namba moja ya simu hulazimu kurasa zote zisomwe. Hata rekodi moja ikionekana katika ukurasa wa kwanza, huenda nyingine ya namba hiyo hiyo iko katika ukurasa wa mwisho.

Faharasa ya namba za simu huundwa kwa amri hii:

```
CREATE INDEX malipo_simu ON malipo (simu);
```

Amri hiyo hutengeneza orodha ya pembeni ambamo namba zote zimepangwa kwa mfuatano, kila moja ikiambatana na anwani ya rekodi yake. Orodha hupangwa kwa muundo uitwao mti-B, uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa wakifanya kazi katika maabara ya utafiti ya kampuni ya Boeing nchini Marekani. Maelezo yake yalichapishwa katika jarida la kitaaluma mwaka 1972. Ukurasa wa juu, uitwao mzizi, huonyesha ni ukurasa upi wa chini yake unaofaa kufunguliwa, na huo nao huelekeza kwenye jani lenye anwani. Iwapo kila ukurasa una namba 300, ngazi tatu zinatosha kubeba namba milioni 27. Kwa hiyo malipo ya mteja aliyetuma fedha mara moja hupatikana kwa kusoma kurasa tatu za faharasa na mmoja wa jedwali. Kurasa nne zimechukua nafasi ya 250,000.

Gharama yake huonekana wakati wa kuandika. Rekodi mpya ya jedwali yaweza kuwekwa katika ukurasa wowote wenye nafasi, lakini namba inayoingia kwenye faharasa ina mahali pamoja tu panapoistahili. Mfumo hushuka kutoka mzizi hadi jani husika, na ikiwa jani hilo halimo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, husubiri lisomwe kutoka diski. Likiwa limejaa, hugawanywa mara mbili, kisha ukurasa wa juu hupewa habari za jani jipya. Mabadiliko hayo yote pia huandikwa kwenye daftari la usalama, ili umeme ukikatika yasipotee.

Jedwali likiwa na faharasa tano, yaani za mtumaji, mpokeaji, tarehe, wakala na kiasi, muamala mmoja huandikwa mahali sita. Mwisho wa mwezi, mishahara inapolipwa kwa wingi, foleni ya miamala hurefuka na ujumbe wa uthibitisho huchelewa.

Mafundi huweza kubaini hali ilivyo. Neno `EXPLAIN` likitangulia ulizo, mfumo hueleza njia utakayofuata: `Seq Scan` ni kusoma jedwali lote, na `Index Scan` ni kupitia faharasa. Kuonekana kwa `Seq Scan` si kosa kila mara. Ulizo likihitaji nusu ya rekodi zote, mfumo huiacha faharasa kwa hiari, kwani kurukaruka kati ya kurasa hugharimu zaidi kuliko kuzisoma kwa mfululizo.

Kadhalika, mwonekano wa `pg_stat_user_indexes` huonyesha katika safu ya `idx_scan` idadi ya mara ambazo kila faharasa imetumika kusomea. Faharasa ya kiasi cha fedha iliyobaki na sifuri kwa miezi kadhaa hulipiwa katika kila muamala bila kumsaidia yeyote, na yafaa kuondolewa. Hata hivyo, faharasa inayozuia muamala mmoja kuandikwa mara mbili haiondolewi, hata kama hakuna anayeisoma, kwa kuwa kazi yake ni kulinda fedha za mteja.